Nafasi ya Kitenzi katika Mazoezi ya Kupanga Maneno ya Kijerumani: Uchambuzi kwa Kuzingatia Wajifunzaji wa Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoani Mara

Ikisiri

Makala haya yanachambua zoezi la kupanga maneno yaliyovurugwa ili yaunde sentensi sahihi ya Kijerumani. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, kosa linalojulikana zaidi la mjifunzaji mzungumzaji wa Kiswahili, yaani kuweka kitenzi katika nafasi ya tatu, linaweza kuwa na vyanzo viwili tofauti vinavyohitaji tiba tofauti. Pili, kanuni za nafasi ya kitenzi huondoa mipangilio mingi isiyo sahihi, lakini mara nyingi hubakiza majibu sahihi zaidi ya moja. Kwa hiyo mtahini mwenye jibu moja tu katika mwongozo wake huweza kumnyima alama mjifunzaji aliyepatia. Mifano yote ya sentensi, isipokuwa ule wa kwanza, imetungwa na mwandishi kwa ajili ya uchambuzi huu.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Serengeti, yenye makao makuu yake Mugumu, inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na wageni wazungumzao Kijerumani ni miongoni mwa wanaoitembelea hifadhi hiyo. Kijana wa Mugumu au Tarime anayetaka kazi ya kuongoza watalii ana sababu ya wazi ya kujifunza lugha hiyo. Huingia darasani akiwa na Kiswahili pamoja na lugha ya nyumbani, kama vile Kikurya, Kiikoma, Kinata au Kingoreme. Hizi zote ni lugha za Kibantu, ambazo kitenzi chake hubeba nafsi na njeo ndani ya neno moja. Sifa hiyo ndiyo msingi wa uchambuzi unaofuata.

Sentensi ya Kijerumani iliyolitangaza zaidi eneo hili duniani ni jina la filamu ya mwaka 1959 ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ambalo pia ni jina la kitabu chao:

(1) Serengeti darf nicht sterben.

Maana yake ni kwamba Serengeti haipaswi kufa. Mwalimu akiyavuruga maneno haya manne, yaani sterben / Serengeti / nicht / darf, hupatikana mipangilio 24. Mjifunzaji wa Kiswahili huweza kuipata ile sahihi bila kujua kanuni yoyote, kwa kuwa inafanana na mpangilio wa lugha yake: kiima, kisha kitenzi kisaidizi, kisha kitenzi kikuu. Ukanushi pekee ndio unaotofautiana. Katika Kiswahili ukanushi umo ndani ya kitenzi, katika kiambishi cha haipaswi. Katika Kijerumani ni neno linalojitegemea. Sentensi kama hii haipimi ujuzi wa nafasi ya kitenzi. Ujuzi huo hupimwa pale tu ambapo mpangilio wa lugha mbili unaachana.

2.0 Kanuni Zinazotumika

Sarufi ya Kijerumani hueleza sentensi kwa nyuga, mtazamo uliowekewa msingi na Erich Drach mwaka 1937. Katika sentensi ya taarifa, kitenzi chenye nafsi hukaa nafasi ya pili. Kabla yake pana uga wa mbele, ambao huchukua kijenzi kimoja tu. Kijenzi hicho kinaweza kuwa kiima, kielezi cha wakati, kirai cha mahali, au hata kishazi tegemezi kizima. Vitenzi visivyo na nafsi, pamoja na viambishi vinavyotengana na kitenzi chake, hukaa mwishoni. Hivyo sehemu mbili za kitenzi huunda mabano, na vijenzi vingine hubanwa katikati:

(2) Der Bus fährt um acht Uhr in Tarime ab.
(Basi linaondoka Tarime saa mbili.)

Hapa kitenzi ni abfahren. Sehemu yake fährt iko nafasi ya pili, na ab inafunga sentensi. Mjifunzaji aliyezoea kwamba linaondoka ni neno moja lisilogawanyika hukiona kipande ab kama ziada asiyojua pa kuiweka.

Kanuni nyingine mbili zinakamilisha picha. Swali la ndiyo au hapana huanza na kitenzi chenye nafsi. Kishazi tegemezi, kama kile kinachotanguliwa na weil, hupeleka kitenzi chenye nafsi mwishoni mwa kishazi.

3.0 Vyanzo Viwili vya Kosa Moja

Tuchukue vipande vitano: wollen / nach Mugumu / wir / fahren / morgen. Maana inayokusudiwa ni kesho tunataka kwenda Mugumu. Kosa linalotarajiwa ni hili, ambapo alama ya kinyota inaonyesha sentensi isiyo sahihi:

(3) *Morgen wir wollen nach Mugumu fahren.

Maelezo ya kawaida ni kwamba mjifunzaji amefuata mpangilio wa Kiswahili. Tukiitazama sentensi ya Kiswahili kwa makini, maelezo hayo hayatoshi. Katika Kesho tunataka kwenda Mugumu, kitenzi tayari kiko nafasi ya pili: neno la kwanza ni kesho, la pili ni tunataka. Mjifunzaji amelichukua tunataka lote, pamoja na kiambishi chake tu-, na kulifasiri kuwa wir wollen. Kwa hesabu yake, wir wollen ni kitu kimoja kilichokaa nafasi ya pili. Hajavunja kanuni ya nafasi ya pili kama anavyoielewa. Amekosea kuhesabu maneno.

Hali ni tofauti pale kiima kinapokuwa nomino:

(4) *Morgen die Gäste wollen nach Mugumu fahren.
(Kesho wageni wanataka kwenda Mugumu.)

Hapa Kiswahili chenyewe kina vijenzi viwili kabla ya kitenzi, kesho na wageni, na mjifunzaji ameunakili mpangilio huo. Sentensi sahihi ni Morgen wollen die Gäste nach Mugumu fahren.

Kutokana na tofauti hii, mtafiti anaweza kutabiri jambo linalopimika. Mjifunzaji anayekosea kwenye viwakilishi kama wir na ich lakini akapatia kwenye nomino anaunganisha kiwakilishi na kitenzi kuwa neno moja. Anayekosea kote kuwili hajaipata bado kanuni ya uga wa mbele. Wa kwanza anahitaji kuonyeshwa kwamba kiambishi tu- kimekuwa neno huru linaloweza kuhama. Wa pili anahitaji kanuni yenyewe, na Kiswahili kinaweza kumsaidia, kwa kuwa nacho huruhusu kiima kufuata kitenzi mahali panapotangulia: Mugumu wamefika wageni. Ukilinganisha na In Mugumu sind Gäste angekommen, kirai cha mahali kimetangulia na wageni wamekuja baada ya kitenzi chenye nafsi katika lugha zote mbili. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili mpangilio huo ni hiari, ilhali katika Kijerumani ni lazima.

4.0 Sababu kwa Weil na kwa Denn

Mfano wa pili una vipande saba: weil / Deutsch / die Gäste / spricht / sind / der Reiseleiter / froh. Hatua ya kwanza ni kutenga vitenzi na kuvipa viima vyake kwa upatanisho. Spricht ni umoja, hivyo ni cha der Reiseleiter, kiongozi wa watalii. Sind ni wingi, hivyo ni cha die Gäste, wageni. Mzungumzaji wa lugha ya Kibantu huifanya kazi hii kwa urahisi, kwa kuwa amezoea anazungumza na wanafurahi. Hatua ya pili ni kuamua ni kishazi kipi kinachoongozwa na weil, na kukipeleka kitenzi chake mwishoni:

(5) Die Gäste sind froh, weil der Reiseleiter Deutsch spricht.
(6) Weil der Reiseleiter Deutsch spricht, sind die Gäste froh.

Katika (6) kishazi tegemezi kizima kimejaza uga wa mbele, ndiyo maana sind inafuata mara baada ya mkato. Hata hivyo, kanuni za kitenzi zinaruhusu pia Der Reiseleiter spricht Deutsch, weil die Gäste froh sind, pamoja na umbo lake lililogeuzwa. Sentensi hizo ni sahihi kisarufi. Kinachoziondoa ni mantiki ya chanzo na matokeo, si nafasi ya kitenzi.

Kipande weil kikibadilishwa kuwa denn, mpangilio hubadilika: Die Gäste sind froh, denn der Reiseleiter spricht Deutsch. Denn huunganisha vishazi huru viwili na haihesabiwi kuwa kijenzi cha uga wa mbele, hivyo kitenzi hubaki nafasi ya pili. Tafsiri ya jumla ya kwa sababu huifuta tofauti hii. Inafaa zaidi kufundisha weil kwa kwa sababu, na denn kwa kwani. Kishazi cha kwani chenye kutoa sababu, kama kile cha denn, hufuata kile kinachoelezwa. Kwani ikianza sentensi kwa kawaida huwa ni ya kuuliza.

5.0 Athari katika Usahihishaji

Turudi kwenye vipande vitano vya sehemu ya tatu. Vinatoa mipangilio 120. Kanuni za kitenzi zinaiondoa karibu yote, lakini taarifa tatu za kawaida zinabaki:

(7) Wir wollen morgen nach Mugumu fahren.
(8) Morgen wollen wir nach Mugumu fahren.
(9) Nach Mugumu wollen wir morgen fahren.

Kama alama ya mwisho haikutolewa, swali Wollen wir morgen nach Mugumu fahren? nalo ni sahihi. Pia kuna umbo la msisitizo, Nach Mugumu fahren wollen wir morgen, ambalo mjifunzaji wa mwanzo si rahisi kuliandika lakini halina kosa. Mwongozo wenye (7) peke yake humkosesha alama aliyeandika (8), ingawa huyo ndiye aliyethibitisha kwamba anajua kuhamisha kiima. Aliyeandika (7) huenda amefuata Kiswahili hadi kwenye wollen, na akajua tu kupeleka fahren mwishoni.

Dawa ni kutoa kijenzi cha kwanza katika swali lenyewe: Anza na Morgen. Majibu ya kawaida hubaki moja, na hilo ndilo linalopima nafasi ya kitenzi. Kipande hicho kisipotolewa kwa makusudi, kiandikwe kwa herufi ndogo, kwa kuwa herufi kubwa ya mwanzo hufichua jibu. Nomino zibaki na herufi kubwa kama tahajia ya Kijerumani inavyotaka.

Alama nazo zigawanywe mara mbili: moja kwa kitenzi chenye nafsi, moja kwa kitenzi cha mwisho. Mjifunzaji wa (3) hupata ya pili pekee, kwa kuwa fahren iko mahali pake. Anayeandika *Morgen wollen wir fahren nach Mugumu hupata ya kwanza pekee. Kwa alama moja isiyogawanywa wote wawili hupata sifuri, na mwalimu hajui nani arudie somo lipi.

6.0 Hitimisho na Mipaka

Uchambuzi huu umejengwa juu ya ulinganishi wa miundo, si juu ya daftari za wajifunzaji. Utabiri wa sehemu ya tatu unasubiri kupimwa darasani. Kwa kila mjifunzaji zinahitajika angalau sentensi kadhaa zenye viwakilishi na kadhaa zenye nomino, zote zikianza na kielezi. Aidha, mpangilio wa vijenzi vilivyo kati ya mabano, kama wakati kutangulia mahali, hauamuliwi na nafasi ya kitenzi, na kosa la huko lisihesabiwe kuwa kosa la kitenzi.