Barua ya Kuomba Punguzo na Mali Kauli

Wenye maduka wengi huomba mambo mawili kwa muuzaji wa jumla, tena kwa nyakati tofauti. Leo wanaomba bei ishuke, mwezi ujao wanaomba mali kauli. Muuzaji akiyasikia mojamoja, yote mawili ni hasara kwake: la kwanza linakula faida, la pili linafunga mtaji. Yakiombwa pamoja katika barua moja yenye hesabu, picha inabadilika. Mkopo mfupi ndio unaomwezesha mwenye duka kuchukua mzigo mkubwa, na mzigo mkubwa ndio unaompa muuzaji sababu ya kupunguza bei.

Tuchukue mfano wa duka la Mbagala linalonunua mafuta ya kupikia Kariakoo. Ndoo ya lita 20 tuseme ni shilingi 90,000 kwa jumla, na dukani inauzwa 95,000. Wateja wakubwa ni mama lishe na wakaanga chipsi, na kwa wiki zinatoka ndoo 10. Mtaji wa mafuta ni kama laki tisa, na mwenye duka anachukua ndoo tano mara mbili kwa wiki. Kirikuu kinamtoza 20,000 kila safari, yaani 80,000 kwa wiki mbili. Angechukua ndoo 20 kwa mkupuo mmoja, hata kirikuu kikidai 30,000 kwa mzigo huo, angeokoa 50,000 kabla hajaomba punguzo lolote. Kinachomzuia ni mtaji tu.

Sasa aombe punguzo kiasi gani? Mafuta ni bidhaa inayokwenda haraka kwa faida nyembamba. Tuseme muuzaji anabakiwa na 3,000 kwa ndoo. Ukimwomba asilimia 5, umemwomba 4,500, yaani akuuzie kwa hasara, na barua yako haitasomwa hadi mwisho. Asilimia 2 ni 1,800, ambayo inamwachia kitu. Faida yake huwezi kuiona, lakini unaweza kuikadiria: ulizia bei ya ndoo moja na bei ya ndoo 20 katika maduka matatu au manne ya mtaa uleule. Tofauti utakayoikuta ndiyo nafasi uliyonayo ya kuzungumza.

Siku za mkopo nazo zinatokana na mauzo. Ndoo 20 kwa bei iliyopunguzwa ya 88,200 ni 1,764,000. Nusu yake, 882,000, inatoshana na mtaji uliopo, hivyo inalipwa taslimu, na nusu nyingine inabaki deni. Ili kupata 882,000, duka linahitaji kuuza ndoo 10 hivi. Kwa haraka utasema hiyo ni kazi ya wiki moja. Lakini fungua daftari la madeni: katika ndoo 10 za wiki, mbili zimechukuliwa na wateja wanaosema watalipa mwisho wa wiki. Zinazoleta fedha ni nane. Kwa mwendo huo fedha ya deni inatimia siku ya tisa, basi omba siku 10. Aliyeomba siku saba kwa kuhesabu mauzo yote atachelewa tangu mara ya kwanza, na huenda asipewe ya pili.

Barua yenyewe inaweza kusomeka hivi:

*Ndugu Meneja,*

*YAH: MAOMBI YA PUNGUZO LA BEI NA MALI KAULI YA SIKU 10*

*Mimi ni mteja wako wa mafuta ya kupikia kutoka Mbagala. Kwa miezi mitatu iliyopita nimenunua kwako wastani wa ndoo 10 za lita 20 kwa wiki, kwa safari mbili, na zote nimelipa taslimu. Nakala za risiti nimeziambatanisha.*

*Naomba kubadili utaratibu. Nitachukua ndoo 20 kwa mara moja, kila baada ya siku 14. Kwa wingi huo naomba punguzo la asilimia 2 katika bei ya jumla ya siku hiyo, na lisomeke kwenye ankara na risiti.*

*Nusu ya thamani ya mzigo nitalipa siku ya kuchukua. Nusu iliyobaki nitalipa kwa mkupuo ndani ya siku 10, kwa Lipa Namba ya duka lako. Deni langu halitazidi shilingi 900,000 wakati wowote, na sitachukua mzigo mpya kabla ya kumaliza deni la mzigo uliotangulia.*

*Nikichelewa kulipa, mzigo unaofuata nitauchukua kwa taslimu tupu, bila punguzo. Naomba tujaribu kwa mizigo mitatu, kisha tukae tuangalie.*

*Kama yote mawili hayawezekani kwa sasa, naomba tuanze na mali kauli kwa bei ya kawaida.*

*Wako katika biashara,*
*(jina, sahihi, namba ya simu, namba ya leseni ya biashara na TIN)*

Kuna maneno machache humo yenye kazi kubwa. Punguzo limeombwa kwa asilimia ya bei ya siku, kwa sababu bei ya mafuta hupanda na kushuka. Muuzaji hawezi kujifunga na shilingi 88,200 wakati kesho yeye mwenyewe anaweza kununua kwa zaidi ya hapo. Kikomo cha deni kimetajwa na mwombaji, kwa hiyo muuzaji anajua mapema kiasi kikubwa kabisa anachoweza kupoteza. Malipo kwa simu yanaacha tarehe isiyobishaniwa, tofauti na fedha iliyoachwa kwa kijana wa kaunta.

Sentensi ya mwisho nayo imepimwa. Ukilazimika kuchagua, thamani ya punguzo ni 36,000 kwa mzigo. Mali kauli, hata bila punguzo, inakuwezesha kuchukua ndoo 20 na kuokoa ile 50,000 ya kirikuu. Duka lenye mtaji wa kutosha lingechagua kinyume chake: lilipe taslimu na kudai punguzo zaidi.

Utaratibu huu ukivunjika, mara nyingi hauvunjiki siku ya kumi. Deni linalipwa vizuri, kisha siku ya 14 inafika na fedha ya kuanzia mzigo wa pili haitoshi. Hesabu inaonyesha kwa nini. Ndani ya siku 14 ndoo 16 zimeuzwa taslimu na kuingiza 1,520,000. Ukitoa 882,000 za deni, zinabaki 638,000, wakati nusu ya mzigo mpya, bei isipobadilika, inataka tena 882,000. Pengo ni 244,000. Fedha yenyewe ipo, ila iko mikononi mwa wateja waliochukua ndoo nne kwa mkopo, 380,000 kwa jumla. Wasipolipa, duka litaazima kwenye fedha za sukari au unga, na upungufu utahamia huko.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka barua, jumlisha daftari la madeni na uone ni kiasi gani hukusanywa kweli ndani ya wiki mbili. Ikiwa ni chini ya hiyo 244,000, punguza mzigo unaouomba uwe ndoo 15, au acha kwanza kukopesha ndoo nzima. Muuzaji akikubali kwa mdomo, mwombe aandike tarehe ya mwisho ya kulipa kwenye ankara ya kila mzigo, na kila upande ubaki na nakala yake.