Pale Hukumu ya Muruatetu Inapokomea

Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliwakubalia ombi lao wafungwa wawili waliokuwa wamehukumiwa kifo kwa kosa la mauaji. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la mmoja wao, Muruatetu. Hoja iliyowapa ushindi haikuhusu nani aliua. Ilihusu kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kilichosema kwamba anayepatikana na hatia ya mauaji sharti ahukumiwe kifo. Jaji hakuachiwa nafasi ya kuuliza mtu huyo ana umri gani, aliua katika hali gani, au ametubu kiasi gani. Mahakama ilisema kwamba sheria inayomnyima jaji nafasi hiyo katika suala la uhai wa mtu inakiuka Katiba. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichoondolewa ni ulazima wake.

Habari hiyo ilipofika magerezani, walioifurahia hawakuwa wauaji peke yao. Walikuwamo waliofungwa kwa wizi wa mabavu, kosa ambalo kifungu cha 296(2) kinaliwekea adhabu ya kifo hata pale wezi wawili walipomnyang'anya mtu mali bila kumjeruhi. Walikuwamo pia waliofungwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, ambayo kwa kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 inaweka kifungo kisichopungua miaka 20. Wote hao walisoma hukumu ile ile wakajiuliza swali la haki kabisa: kama jaji hafai kufungwa mikono katika kesi ya mauaji, kwa nini afungwe mikono katika kesi yangu?

Ili kujibu swali hilo lazima kwanza kujua hukumu ya mahakama humfunga nani, na ni sehemu gani yake inayofunga.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni rahisi. Ibara ya 163(7) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema kwamba maamuzi ya Mahakama ya Juu yanazifunga mahakama nyingine zote, isipokuwa Mahakama ya Juu yenyewe. Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa unaifunga Mahakama Kuu, na wa Mahakama Kuu unawafunga mahakimu. Hakimu wa Kisii anayeamini kwamba Mahakama ya Juu ilikosea anaweza kusema hivyo kwa heshima katika hukumu yake, lakini hawezi kuamua kinyume chake.

Sehemu ya pili ndiyo iliyozua mtafaruku. Hukumu kubwa huweza kuwa na aya mia moja au zaidi. Ndani yake mna historia ya kesi, hoja za mawakili, maoni ya majaji, mapendekezo kwa Bunge, hata mambo ambayo majaji wanayataja kwa sababu tu yamewajia wakati wa kuandika. Haya yote hayana uzito mmoja. Kinachozifunga mahakama za chini ni kiini cha uamuzi, yaani ile kanuni ya sheria ambayo bila hiyo matokeo ya kesi yasingekuwa yalivyokuwa. Yaliyobaki ni kauli za kando. Mahakama ya chini inaweza kuzisikiliza, kuzisifu na kuzifuata, lakini haina wajibu wa kufanya hivyo.

Mwanasheria Mmarekani Eugene Wambaugh, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alipendekeza mwishoni mwa karne ya 19 kipimo ambacho bado kinafundishwa. Chukua kauli unayodhani ni kiini, uigeuze iwe kinyume chake, kisha uulize: je, mahakama ingefikia matokeo yale yale? Kama matokeo yangebaki vilevile, kauli hiyo haikuwa kiini.

Kipimo hicho kinafanya kazi vizuri kwenye Muruatetu. Chukua kauli kwamba kifungu cha 204 kinakiuka Katiba kwa kumnyima jaji uamuzi wa adhabu. Igeuze, useme kifungu hicho ni halali. Papo hapo wafungwa wale wawili wanashindwa. Hicho ni kiini. Sasa chukua sehemu nyingine ya hukumu hiyo hiyo, ambapo majaji walijadili maana ya kifungo cha maisha, wakapendekeza Mwanasheria Mkuu na Bunge watunge sheria ya kukifafanua. Igeuze, useme kwamba hakuna haja ya sheria yoyote. Wafungwa wale bado wangepata nafuu waliyopata, kwa kuwa kesi yao ilirudishwa Mahakama Kuu wasikilizwe upya kuhusu adhabu. Pendekezo lile lilikuwa kauli ya kando, hata kama lilitoka katika mahakama ya juu kuliko zote nchini.

Mfano ulio wazi zaidi ulitangulia Muruatetu kwa miaka 7. Tarehe 30 Julai 2010, Mahakama ya Rufaa ikiketi Mombasa iliamua katika kesi ya Mutiso kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji haikupatana na Katiba ya wakati huo. Majaji wakasema wamejifunga kwenye kosa la mauaji, ila wakaongeza kwamba hoja hizo hizo huenda zikafaa pia kwa uhaini na wizi wa mabavu, bila wao kukata shauri juu ya hilo. Mutiso hakuwa ameshtakiwa kwa uhaini wala wizi. Hata majaji wangesema kwamba makosa hayo yanastahili kifo cha lazima, rufaa yake ingeishia palepale. Ni nadra mahakama kuiwekea alama kauli yake ya kando kwa uwazi namna hiyo.

Kesi hiyo pia inaonyesha mamlaka ya kushawishi yanavyofanya kazi. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wafungwa wenzake zaidi ya 400, ilikuwa imebatilisha ulazima wa hukumu ya kifo. Uamuzi wa Kampala haumfungi jaji yeyote wa Mombasa. Zamani mambo yalikuwa tofauti, kwani hadi 1977 mahakama moja ya rufaa ya Afrika Mashariki ilisikiliza rufaa kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, na neno lake lilikuwa sheria katika nchi zote tatu. Siku hizi kila nchi ina ngazi zake. Majaji wa Mutiso waliitegemea Kigula kwa sababu hoja zake ziliwaridhisha, na sheria za nchi hizo mbili zina asili moja. Wangeweza kuikataa na wasiwe wamevunja kanuni yoyote.

Tanzania nayo imeonyesha kwamba ushawishi una kikomo. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Mbushuu, Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikasema Katiba inairuhusu. Wakili wa Dar es Salaam leo anaweza kumsomea jaji wa Mahakama Kuu hukumu yote ya Muruatetu. Jaji ataisikiliza, lakini pale itakapogongana na uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya nchi yake, huo wa nyumbani ndio unaomfunga.

Turudi Kenya. Baada ya 2017, majopo ya Mahakama ya Rufaa yaliyoketi Kisumu yaliisoma Muruatetu kwa upana. Mwaka 2018, katika kesi ya Kittiny, walisema kanuni yake inafaa pia kwa wizi wa mabavu. Katika kesi nyingine walikwenda hadi kwenye vifungo vya lazima vya makosa ya kujamiiana. Wafungwa walipunguziwa adhabu, na wengine walikwisha kuachiliwa.

Si haki kuwaona majaji hao kuwa wazembe. Kiini cha uamuzi hakiandikwi ndani ya kisanduku. Kinaweza kuelezwa kwa ufinyu: kifungu cha 204 ni batili. Kinaweza pia kuelezwa kwa upana: sheria yoyote inayomwondolea jaji uamuzi wa adhabu ni batili. Sababu zilizotolewa na Mahakama ya Juu, yaani utu wa mshtakiwa na haki ya kusikilizwa kikamilifu, hazikuwa sababu za mauaji pekee. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mahakama yenyewe ilichangia mkanganyiko kwa kuandika sababu pana bila kusema mapema zinakomea wapi.

Jibu lilikuja tarehe 6 Julai 2021. Katika maelekezo yake, Mahakama ya Juu ilieleza upya kiini cha uamuzi wake na kukichagua kile chembamba. Muruatetu inahusu mauaji chini ya kifungu cha 204 tu. Haikubatilisha adhabu za lazima wala adhabu za chini kabisa zilizomo katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana au sheria nyingine yoyote. Anayetaka kupinga adhabu ya wizi wa mabavu, walisema, afungue shauri lake Mahakama Kuu, lijadiliwe, lipande ngazi hadi Mahakama ya Rufaa ikihitajika, na huenda huko matokeo kama hayo yakafikiwa.

Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusomwa mara mbili. Hukumu moja inaweza kufunga na kushawishi kwa wakati mmoja. Kwa kesi ya mauaji, Muruatetu ni amri kwa kila jaji chini ya Mahakama ya Juu. Kwa kesi ya wizi wa mabavu, hoja zake bado zina nguvu na wakili atazitumia, ila atalazimika kuzijenga upya na kumshawishi jaji, badala ya kumwonyesha aya na kuketi.

Hata hivyo mambo hayakutulia mara moja. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ikiketi Nyeri ilimpunguzia mtu aliyekuwa amemnajisi mtoto kifungo chake kutoka miaka 20 hadi 15, ikisema majaji wana uhuru wa kuamua. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 12 Julai 2024, katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Mwangi, Mahakama ya Juu iliirudisha miaka 20. Ilisema kwamba uhalali wa kifungu kile haukuwa umepingwa na kujadiliwa ipasavyo tangu mahakama za chini, na kwamba Mahakama ya Rufaa ilipaswa kufuata maelekezo ya 2021.

Kwa hiyo mfungwa wa wizi wa mabavu anayeandika ombi lake leo akilitegemea jina la Muruatetu peke yake analiweka mahali dhaifu. Ombi linaloweza kusimama ni lile linalokitaja kifungu cha 296(2) kwa namba, linaloonyesha ni ibara gani za Katiba kinazokiuka, linalomwita Mwanasheria Mkuu ajibu, na linaloanzia Mahakama Kuu. Humo Muruatetu itatajwa kama hoja, pamoja na Kigula ya Uganda, na jaji atakuwa huru kuzikubali au kuzikataa zote mbili.