Jedwali Likivunjwa Kuwa Orodha, na Orodha Ikirudi Kuwa Jedwali

Word inapovunja jedwali, haifuti neno hata moja. Inaondoa mistari ya visanduku tu, na pale palipokuwa na mpaka kati ya kisanduku na kisanduku inaacha alama moja. Inapojenga jedwali kutoka kwenye maandishi hufanya kinyume chake: inasoma alama hizo, na kila inapokutana nayo inafungua kisanduku kipya. Matatizo karibu yote ya kazi hii hutokana na alama hiyo. Ama imechaguliwa vibaya, ama imejificha, ama imo pia ndani ya maneno yenyewe mahali pasipostahili.

Mfano mzuri ni bajeti ya harusi. Katibu wa kamati ameiandika kwenye Word, katika jedwali lenye safu nne, yaani Bidhaa, Kiasi, Bei na Msimamizi, na chini ya vichwa hivyo kuna mistari mitano ya vitu. Mchele ni kilo 80 kwa shilingi 240,000, chini ya shangazi. Nyama ni kilo 60 kwa 720,000, chini ya baba mdogo. Viti 200 vinagharimu 100,000 na bado havijapata mtu. Maturubai 3 ni 450,000, chini ya mjomba, na soda kreti 20 ni 300,000, chini ya dada mkubwa. Kamati inazungumza kwenye kundi la WhatsApp, na jedwali likibandikwa huko safu zake hupotea. Inabidi liwe orodha ya vitone.

Kabla ya kuligusa jedwali, kuna usafi wa aina mbili wa kufanya. Kwanza, kisanduku kitupu kijazwe. Pale penye msimamizi wa viti katibu aandike “bado”, kwa sababu kisanduku kitupu kikivunjwa huacha alama ya mpaka bila neno baada yake, na alama ya namna hiyo ni rahisi mtu kuifuta bila kujua. Pili, visanduku vyenye mistari miwili viunganishwe. Tuseme katika kiasi cha soda mtu aliandika “kreti 20”, akabonyeza Enter, akaongeza “za baridi”. Jedwali likivunjwa, ile Enter ya ndani itaukata mstari wa soda katikati, na “za baridi” itaanza aya mpya kana kwamba ni bidhaa. Dawa yake ni kuchagua jedwali zima, kubonyeza Ctrl+H, kuandika `^p` kwenye Find what na nafasi moja kwenye Replace with, kisha Replace All. Alama `^p` ni mwisho wa aya. Mwisho wa kisanduku ni alama nyingine, haiguswi, kwa hiyo jedwali lenyewe halidhuriki. Word ikiuliza kama iendelee kutafuta kwenye sehemu nyingine ya waraka, jibu ni No.

Sasa jedwali livunjwe. Katibu anabofya mahali popote ndani yake, na juu ya ukurasa kinatokea kichupo cha Table Layout, ambacho katika matoleo ya zamani huitwa Layout tu. Upande wa kulia kabisa, katika kundi la Data, kuna Convert to Text. Kidirisha kinachofunguka kinauliza mipaka ya visanduku igeuzwe kuwa nini: Paragraph marks, Tabs, Commas, au Other, ambayo hupokea herufi moja tu ya kuchagua mwenyewe.

Wengi hukimbilia Commas, kwa kuwa orodha ya mikato ndiyo wanayotaka kuiona. Hapo ndipo mtego ulipo. Bei zimeandikwa kwa mkato, 240,000 na 720,000, na jedwali likivunjwa kwa mikato hakuna tena atakayejua mkato upi ni mpaka wa safu na upi ni wa maelfu. Chaguo salama ni Tabs, kwani watu mara chache huweka alama ya kitufe cha Tab ndani ya kisanduku. Baada ya OK kila mstari wa jedwali unakuwa aya moja, na kati ya safu na safu pana alama ya Tab. Maandishi yakiwa bado yamechaguliwa, Ctrl+H inamalizia kazi:

```
Find what:     ^t
Replace with:  , 
```

Baada ya mkato kwenye Replace with kuna nafasi moja, nayo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Itahitajika wakati wa kurudi. Kilichobaki ni kuchagua mistari mitano ya bidhaa, kuuacha nje mstari wa vichwa, na kubofya Bullets kwenye kichupo cha Home:

```
Bidhaa, Kiasi, Bei, Msimamizi
• Mchele, kilo 80, 240,000, shangazi
• Nyama, kilo 60, 720,000, baba mdogo
• Viti, 200, 100,000, bado
```

Mstari wa vichwa ukiwekewa kitone unachekesha, unasomeka kama bidhaa ya sita. Ukifutwa kabisa nao, msomaji hatajua 200 ni idadi au ni bei. Uachwe juu, bila kitone.

Ipo njia nyingine, ya Paragraph marks, ambayo hukipa kila kisanduku aya yake. Jedwali la mistari sita na safu nne huwa aya 24. Njia hii inafaa pale bidhaa inapotakiwa kuwa kitone kikubwa na maelezo yake vitone vidogo chini yake: vitone vikishawekwa, aya za maelezo huchaguliwa na kusogezwa ndani kwa kitufe cha Tab. Inapendeza machoni, lakini inategemea hesabu kamili. Jedwali likirudishwa, Word itahesabu nne nne bila kufikiri. Kama mtu aliuona mstari mtupu wa msimamizi wa viti akaufuta, “Maturubai” yatapanda kwenye safu ya Msimamizi, “3” itaingia kwenye Bidhaa, na kila kitu kinachofuata kitakuwa kimesogea hatua moja hadi mwisho.

Safari ya kurudi ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu orodha inayorudi imepita mikononi mwa watu. Wiki moja baadaye wanakamati wameongeza keki na mpiga picha, viti vimepata msimamizi, na katibu ananakili ujumbe wa mwisho kutoka kundini na kuubandika kwenye Word. (Anakili ujumbe mmoja wenye orodha nzima. Jumbe kadhaa zikinakiliwa kwa pamoja, kila moja huja na tarehe, saa na jina la mtumaji mbele yake.) Kabla ya jambo lolote abonyeze Ctrl+Shift+8. Alama zote zilizokuwa zimejificha hujitokeza: nukta ndogo kwa kila nafasi, mshale wa kwenda kulia kwa kila Tab, na ¶ mwisho wa kila aya. Anayejenga jedwali bila kuziona alama hizi anapapasa gizani.

La kwanza la kuangalia ni mwisho wa mistari. Kama badala ya ¶ pana mshale uliopinda kuelekea kushoto, basi mistari ile si aya. Imevunjwa tu, na kwa Word orodha nzima ni aya moja ndefu. Hubadilishwa kwa kutafuta `^l` na kuweka `^p`. Palipo na mistari mitupu, hutafutwa `^p^p` na kuwekwa `^p`, na Replace All ikarudiwa mpaka pasiwe na mistari mitupu tena.

La pili ni vitone vyenyewe. Vipo vya aina mbili, na kwa macho vinafanana. Kitone kilichowekwa na Word si herufi; kikibofywa, vitone vyote vya orodha hugeuka kijivu kwa pamoja, na huondolewa kwa kubofya Bullets tena. Kitone kilichosafiri na maandishi ni herufi ya kawaida, kishale kinaweza kukaa mbele yake, na mara nyingi kinafuatwa na Tab. Tab hiyo ndiyo inayosumbua. Ikisahaulika, jedwali litazaliwa na safu tano badala ya nne, ya kwanza ikiwa imejaa vitone vitupu. Hutafutwa `•^t`, na Replace with huachwa wazi. Kama baada ya kitone pana nafasi badala ya Tab, hutafutwa kitone na nafasi. Kama mtu alitumia kistari au nyota, hutafutwa hicho alichotumia.

Sasa ndipo ile nafasi baada ya mkato inapolipa. Mkato wa safu una nafasi nyuma yake, mkato wa maelfu hauna. Kwa hiyo katika Find what huandikwa mkato na nafasi, na katika Replace with huandikwa `^t`. Mipaka yote inageuka kuwa Tab, na 240,000 inabaki nzima. Ujanja huu una mpaka wake: mwanakamati aliyeandika “Keki,1,180,000,wifi” bila nafasi hata moja atakuwa ameacha mstari usiogawika, na mstari huo hurekebishwa kwa mkono. Kuutambua ni rahisi, kwani alama zikiwa wazi ndio pekee usio na mishale mitatu.

Orodha ikiwa safi, huchaguliwa yote pamoja na mstari wa vichwa, kisha Insert, Table, Convert Text to Table. Chini ya Separate text at huchaguliwa Tabs. Kabla ya kubofya OK, namba mbili zilizo juu ya kidirisha zinastahili kutazamwa. Number of columns iwe 4. Number of rows haiwezi kubadilishwa kwa mkono, na kwa sababu hiyo ni shahidi mwaminifu: bidhaa saba na mstari wa vichwa hufanya 8. Namba ya safu ikiwa 5, pana Tab ya ziada mahali fulani. Namba ya mistari ikiwa 9 au 10, pana mstari mtupu au mstari uliokatika; ikiwa 1, ile mishale iliyopinda bado ipo. Kubofya Cancel na kurudi kwenye orodha huchukua muda mfupi kuliko kurekebisha visanduku vilivyohama. Aliyekwisha kubofya OK ana Ctrl+Z.

AutoFit to contents, katika kidirisha hichohicho, huzifanya safu zitoshe maneno yake. Mapambo ya awali hayarudi: rangi ya mstari wa vichwa, upana wa safu uliopangwa kwa mkono na visanduku vilivyounganishwa vilipotea siku jedwali lilipovunjwa, na orodha haikuwa na mahali pa kuvibeba. Kwa bajeti ya mistari minane hasara hiyo ni ndogo. Kwa jedwali lenye visanduku vingi vilivyounganishwa, katibu atunze nakala ya faili la kwanza, na orodha inaporudi ahamishe mabadiliko machache kwa mkono.