Risasi na Mtu Anayetembea

Kwenye filamu, mtu akipigwa risasi huruka nyuma mita mbili tatu, akavunja kioo cha dirisha na kuangukia nje. Haiwezekani. Risasi ingekuwa na msukumo wa kumrusha hivyo, hata aliyeifyatua angerushwa kinyumenyume, maana bunduki humsukuma yeye kama risasi inavyomsukuma mwenzake. Lakini risasi hiyohiyo hupenya ubao, mfupa na mlango wa gari. Inakuwaje kitu kishindwe kumsukuma mtu, na hapohapo kiweze kumtoboa?

Tuchukue risasi ya bunduki ya AK-47. Ina gramu 8 hivi, na inatoka kwenye mtutu kwa kasi ya takriban mita 700 kwa sekunde. Tuiweke kando ya mtu wa kilo 70 anayetembea taratibu, mita 1 kwa sekunde.

Kipimo cha kwanza ni momenta: unazidisha kilo za kitu kwa kasi yake. Risasi inapata 0.008 mara 700, yaani 5.6. Mtembeaji anapata 70, zaidi ya mara kumi na mbili ya risasi. Kipimo cha pili ni nishati mwendo: unazidisha kasi kwa kasi, unazidisha tena kwa kilo, kisha unagawa kwa mbili. Hapo risasi inapata jouli 1,960, na mtembeaji jouli 35 tu. Kasi imehesabiwa mara mbili, ndiyo maana kitu chepesi chenye mbio kinapanda ghafla.

Basi nani zaidi? Inategemea unauliza nini. Tuseme kila mmoja anazuiwa kwa nguvu ileile, karibu sawa na uzito wa gunia la kilo 100. Risasi itasimama baada ya sehemu 5.6 za elfu za sekunde, na mtembeaji baada ya sehemu 70 za elfu. Kwa muda, mtembeaji ndiye mgumu kuzuia, na muda huo unatokana na momenta. Sasa pima umbali. Mtembeaji atakuwa amesogea sentimita 3.5 tu, ilhali risasi itakuwa imekwenda karibu mita 2. Umbali unatokana na nishati, na ni umbali huo, ndani ya ubao au ndani ya mwili, unaoleta maafa. Kumsukuma mtu ni habari nyingine: risasi ikibaki mwilini mwa mtu wa kilo 70 aliyesimama, itampa mwendo wa sentimita 8 kwa sekunde. Akianguka, ni kwa sababu ya jeraha au mshtuko, wala si kwa kusukumwa.

Bunduki yenyewe inaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Risasi ikitoka mbele na momenta ya 5.6, bunduki ya kilo 4 inarudi nyuma na momenta hiyohiyo, kwa mita 1.4 kwa sekunde. (Gesi ya baruti inayofuata risasi huongeza pia, lakini tuiache.) Kwa momenta wametoka sare. Kwa nishati, bunduki imepata jouli 4 hivi, risasi karibu 2,000. Bunduki ni nzito mara 500 kuliko risasi, na risasi imechukua nishati mara 500 ya ile ya bunduki. Ndiyo sababu bega la mpigaji linaumia kidogo tu, na pia ndiyo sababu bunduki nyepesi humpiga mwenyewe zaidi kuliko nzito, ingawa risasi ni ileile.

Mwingereza Benjamin Robins aliutumia ujuzi huu mwaka 1742 kupima kasi ya risasi, wakati ambapo hapakuwa na saa ya kuweza kuipima moja kwa moja. Alining'iniza kipande kizito kilichofunikwa kwa mbao, akakipiga risasi ikabaki ndani, kisha akapima kilivyobembea kwa utepe uliovutwa. Tukitumia risasi yetu na gogo ambalo pamoja nayo linafika kilo 8, mwendo wa pamoja ni mita 0.7 kwa sekunde, na gogo linapanda sentimita 2.5.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Wanachukua jouli 1,960 zote na kuzigeuza kuwa kimo, wakapata gogo linalopanda mita 25, urefu wa ghorofa nane! Momenta yote inabaki kwenye gogo, lakini nishati haibaki: jouli 2 tu ndizo zinazolibembeza, nyingine zote huishia kupasua mbao na kuzipasha moto.

Robins hakuishia hapo. Alisogeza bembea yake mbali zaidi na bunduki, akaona risasi inafika na kasi ndogo kuliko ile ya kutokea mtutuni. Wataalamu wengi wa mizinga waliamini kuwa hewa haizuii risasi kiasi cha kujali, na vipimo vyake vikaonyesha kuwa inaizuia sana.