Majani ya nyanya yakianza njano kutoka chini: angalia kwanza, kisha nunua dawa

Wakulima wengi wa bustani Mwakitolyo na vijiji jirani, wanaouza nyanya zao kwa wachimbaji, wakiona njano kwenye majani ya chini hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Mara nyingine ni sawa. Mara nyingine pesa inapotea, kwa sababu dawa ya ukungu hailishi mmea wala haikaushi maji yaliyotuama.

Jani moja au mawili ya chini kabisa yakigeuka njano kwenye mmea mkubwa wenye matunda, usihangaike. Huo ni uzee wa jani. Tatizo lipo pale njano inapopanda juu wiki hadi wiki.

Tuchukue mfano wa bustani iliyo kwenye mteremko. Juu ni luseni, yaani kichanga, chini ni mbuga. Miche ina wiki 6 tangu ihamishwe kutoka kitaluni, imeshatoa maua, na mwenye bustani aliweka samadi kidogo wakati wa kupanda, basi. Majani ya chini ni ya njano karibu kote.

Aanze kwa kuchuma jani la njano upande wa juu na kulitazama kwenye mwanga. Limefifia lote sawasawa, mishipa pamoja na nyama yake, halina doa hata moja, na mmea wenyewe ni mwembamba. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mmea ukikosa chakula hiki huking'oa kwenye majani mazee na kukipeleka kwenye machipukizi, ndiyo maana njano huanzia chini. Kichanga hakishiki mbolea, maji huishusha chini ya mizizi. (Kama mishipa ingebaki kijani na katikati yake pawe njano, hasa matunda yanapokua, tungeshuku upungufu wa magnesiamu.)

Dawa yake ni mbolea ya kukuzia. Kwa CAN, kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa kila shina kinatosha. Iweke umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, ifukie, kisha mwagilia. Ukiwa na mashaka, weka kwenye mashina 10 tu na uyaache mengine. Baada ya siku 7 hadi 10 tazama majani mapya ya juu. Usitegemee yale ya njano kurudi, kwani mengi hayarudi.

Akishuka mbugani anakuta jambo jingine. Majani ni ya njano na mmea umelegea, ilhali udongo umelowa. Achimbe kina cha kiganja kando ya shina, achukue udongo na kuuminya. Maji yakichuruzika kati ya vidole, mizizi inakosa hewa. Hapo kuongeza maji ni kuumaliza mmea. Apumzishe umwagiliaji, achimbe mfereji wa kutoa maji, na msimu ujao apande juu ya matuta. Udongo ukiwa vumbi na majani yamekauka pembeni, shida ni kiu. Lakini usihukumu kwa kunyauka kwa saa 8 mchana peke yake. Nyanya nyingi hulegea kwa jua na kusimama tena jioni.

Sasa bakajani tangulia, ule ugonjwa wa ukungu. Hapa kinachotangulia ni doa. Ni la kahawia au jeusi, lina duara ndani ya duara kama shabaha, na njano huzunguka doa hilo kabla ya jani zima kukauka na kudondoka. Huanzia chini kwa sababu matone ya maji hurusha vimelea kutoka ardhini. Chuma majani hayo wakati yamekauka, yatoe shambani uyachome au uyafukie. Funga mimea kwenye miti, tandaza nyasi kavu, na mwagilia kwenye shina, si juu ya majani. Dawa yenye mankozebu hukinga majani yaliyo mazima, haiponyi yaliyokwisha kuugua. Fuata kipimo cha kibandiko, na uhesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Ugumu ni kwamba mambo haya huja pamoja. Mmea wenye njaa ya naitrojeni hushikwa na bakajani tangulia kwa urahisi zaidi. Ukiona madoa kwenye mimea iliyofifia, piga dawa na uweke mbolea pia.

Njano ikiwa upande mmoja tu wa mmea, pasua shina karibu na ardhi. Ukikuta mistari ya kahawia ndani, huo ni mnyauko, na hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa mmea na mizizi yake uuchome. Pale ulipokuwa panda mahindi au mtama kwa misimu kadhaa, usirudishe nyanya, na ukinunua mbegu tena ulizia aina inayostahimili mnyauko.