Fedha Ambayo Abiria Hakuilipa

Tuseme abiria wawili wamefungua programu ya Uber mjini Chicago mwaka 2015, usiku uleule, mvua ileile. Magari ni machache, kwa hiyo nauli imepanda. Kwa abiria wa kwanza kompyuta imekokotoa mara 1.249 ya nauli ya kawaida, kwa wa pili mara 1.251. Hapo hakuna tofauti ya maana. Lakini programu haikuonyesha tarakimu zote hizo, ilizifupisha hadi desimali moja. Wa kwanza akasoma 1.2, wa pili akasoma 1.3. Watu wenye shida moja wakatajiwa nauli mbili, na sababu ni ufupishaji wa tarakimu tu.

Steven Levitt wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake, wakiwemo wachumi walioajiriwa na Uber yenyewe, waliona kwamba mwanya huo ungewawezesha kupima kitu ambacho kwa zaidi ya miaka mia moja kilikuwa rahisi kuchora na kigumu mno kupima. Wachumi wanakiita ziada ya mlaji. Ni tofauti kati ya bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi angekubali kuitoa na ile aliyoitoa kweli.

Mfano wa kubuni utasaidia. Watu watano wametoka harusini usiku wa manane na kila mmoja anataka gari. Mmoja ana mtoto aliyelala begani, yuko tayari kutoa hata shilingi 14,000 mradi afike. Wa pili ataishia 11,000, wa tatu 9,000, wa nne 7,000. Wa tano haishi mbali, ikizidi 5,000 atatembea. Nauli ni 6,000 kwa kila mtu. Wanne wanapanda, wa tano anashika njia. Mwenye mtoto amebakiwa na 8,000 ambazo angezitoa bila kinyongo, wenzake wamebakiwa na 5,000, 3,000 na 1,000. Jumla ni shilingi 17,000. Dereva hajazipokea, wala hazimo katika risiti yoyote, lakini ni faida ya kweli kwa abiria hao.

Sasa zichorwe. Bei inapanda kwa mstari wa wima, idadi ya abiria inakwenda kwa mstari wa mlalo. Kila abiria anapewa nguzo yenye urefu wa kile anachokubali kulipa, wa juu kabisa akitangulia kushoto. Nguzo tano zinashuka kama ngazi. Abiria wakiwa maelfu, vidato vinakuwa vidogo hadi ngazi inageuka mteremko laini, na huo ndio mstari wa mahitaji. Kisha unapitishwa mstari wa mlalo kwenye 6,000, yaani nauli. Eneo lililobanwa kati ya mteremko kwa juu na mstari wa bei kwa chini ndiyo ziada yote ya walaji. Mteremko ukiwa umenyooka, eneo hilo ni pembetatu, na hesabu yake ni ile ya darasani: nusu ya kitako mara kimo. Mji ambao hakuna anayepanda nauli ikifika 14,000, lakini abiria 1,000 wanapanda ikiwa 6,000, una ziada ya nusu ya 1,000 mara 8,000, yaani shilingi 4,000,000.

Mchoro unaonyesha pia kinachotokea bei inaposhuka. Nauli ya harusini ikiwa 4,500, wale wanne wa mwanzo wanaokoa 1,500 kila mmoja, jumla 6,000. Huo ni mstatili, na fedha yake imetoka mfukoni mwa dereva. Pembeni kuna kipande kidogo cha shilingi 500, ziada ya yule wa tano ambaye sasa naye anapanda. Kipande hicho hakikunyang'anywa mtu, safari hiyo haikuwepo kabisa. Wazo hili lilianzia kwa mhandisi Mfaransa, Jules Dupuit, ambaye mwaka 1844 alikuwa akijiuliza faida ya daraja inapimwaje, kwa kuwa ushuru unaokusanywa hausemi wavukaji wangekuwa tayari kutoa kiasi gani. Alfred Marshall wa Cambridge ndiye aliyelisambaza katika kitabu chake cha uchumi cha mwaka 1890.

Ugumu unakuja hapa: soko halimwonyeshi mtu mteremko wote. Linaonyesha nukta moja tu, bei ya leo na idadi iliyouzwa leo. Mtu anaweza kudhani kwamba inatosha kulinganisha siku za nauli kubwa na siku za nauli ndogo. Akifanya hivyo kwa Uber atakuta kitu cha ajabu, kwamba nauli ikipanda wasafiri wanaongezeka! Wameongezeka kwa sababu ya mvua, na mvua hiyohiyo ndiyo iliyopandisha nauli. Kila anayenyeshewa amekubali kulipa zaidi, hivyo mteremko mzima umehama kwenda juu. Mpimaji anaunganisha nukta za mistari miwili tofauti na kudhani ni mmoja.

Abiria wa 1.249 na wa 1.251 wanaondoa kikwazo hicho, kwa kuwa wako chini ya mvua moja. Wakiongezeka wanaoghairi kwenye 1.3 kuliko kwenye 1.2, sababu ni bei peke yake. Watafiti walichukua takriban mara milioni 50 ambazo watu walifungua programu katika miji ya Chicago, New York, Los Angeles na San Francisco, wakatazama kila mpaka wa aina hiyo, kisha wakaunganisha vipande hadi mteremko ukaonekana. Anayekubali 1.2 na kuikataa 1.3 amejitaja mwenyewe: siku ya nauli ya kawaida anabakiwa na kati ya asilimia 20 na 30 ya nauli hiyo. Nauli ikipanda kwa asilimia 10, safari zilipungua kwa asilimia 4 hadi 6 tu. Kwa Marekani nzima walikadiria ziada ya dola bilioni 6.8 mwaka 2015 kwa huduma ya UberX, kama dola 1.60 kwa kila dola iliyolipwa.

Nambari hiyo isichukuliwe bila tahadhari. Ni mara chache nauli ilizidishwa sana, kwa hiyo sehemu ya juu ya mteremko, waliko wenye ziada kubwa kabisa, inabidi ikisiwe. Pia abiria aliyeshtukizwa na bei akiwa barabarani hana muda wa kutafuta njia nyingine. Nauli ikibaki juu mwaka mzima, wengi watahamia kwenye basi au kununua gari, mteremko utalala na eneo litapungua.

Kasoro nzito zaidi imo ndani ya kipimo chenyewe. Kukubali kulipa kunategemea kuwa nacho. Mama mwenye uchungu wa uzazi na shilingi 3,000 mkononi ana nguzo fupi kuliko kijana tajiri anayekwenda starehe na 20,000, na hakuna mtu mwenye utu atakayesema safari ya kijana ina thamani kubwa zaidi. Mchoro unasema hivyo. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Hazina ya Uingereza wa kutathmini miradi ya umma, unaojulikana kama Kitabu cha Kijani, unaruhusu faida ya kila kundi kupewa uzito kulingana na kipato chake. Kwa kanuni yake, mtu mwenye nusu ya kipato cha kati anapewa uzito wa karibu 2.5. Ziada yake ya pauni 10 inaingia katika hesabu kama pauni 25.