Mashine Imeongezewa Umri: Je, Hesabu za Zamani Zifumuliwe?

Tuchukue kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mjini Singida. Mwanzoni mwa 2019 kilinunua mashine kwa shilingi milioni 120. Mwenye kiwanda na mhasibu wake walikadiria kwamba ingefanya kazi miaka 10 na mwishowe isiwe na thamani ya kuuzika. Basi kila mwaka wakaandika uchakavu wa shilingi milioni 12. Kufikia mwisho wa 2024 milioni 72 zilikuwa zimeshaliwa, na vitabuni mashine imebaki na milioni 48.

Mwanzoni mwa 2025 fundi mkuu anaifungua na kukuta mambo tofauti na yaliyotarajiwa. Kwa kuwa alizeti ni zao la msimu, mashine imekuwa ikilala miezi mingi. Beringi zimebadilishwa kwa wakati na mwili wake bado imara. Anaandika ripoti kwamba itafanya kazi miaka 8 zaidi. Jumla itakuwa miaka 14, wala si 10.

Hapo ndipo wahasibu wengi wachanga huteleza. Wanachukua milioni 120, wanagawa kwa 14, wanapata kama milioni 8.57 kwa mwaka, kisha wanataka kurudi hadi 2019 kurekebisha kila mwaka. Wanaona ndio unyoofu. Lakini Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 8 kinakataza. Njia sahihi ni kuchukua milioni 48 zilizobaki na kuzigawa kwa miaka 8 iliyobaki. Uchakavu wa 2025 unakuwa milioni 6, na hesabu za miaka sita iliyopita haziguswi.

Sababu ni kwamba lililobadilika ni makadirio, si sera. Mkulima akizoea kupima mavuno kwa debe kisha akahamia kilo, hawezi kulinganisha mwaka huu na mwaka jana mpaka mavuno ya mwaka jana nayo yageuzwe kuwa kilo. Hiyo ndiyo sera: kipimo chenyewe. Lakini akikadiria magunia 10 kwa ekari, mvua ikakatika, akashusha makadirio hadi 6, hakuna anayerudi kubadili alichokadiria kwa nia njema kabla mvua haijakatika. Mwaka 2019 hakuna aliyejua mashine itatunzwa vipi.

Kiwanda kikibadili namna ya kuthamini mbegu zilizoko ghalani, kwa mfano kutoka utaratibu wa kilichotangulia kuingia kutangulia kutoka, kwenda bei ya wastani, hapo ni sera. Mabadiliko hayo yanahitaji sababu nzito: ama kiwango cha uhasibu kimeyaagiza, ama taarifa zitakuwa za kuaminika na zenye manufaa zaidi. Takwimu za miaka iliyopita zinazoonyeshwa kwa kulinganisha hupangwa upya, kana kwamba kipimo kipya kilitumika siku zote. Ukishindwa kabisa kutenganisha sera na makadirio, kiwango kinaamuru uyachukue kuwa makadirio. Hata kuhama kutoka uchakavu sawa kila mwaka kwenda uchakavu wa saa ambazo mashine imefanya kazi ni mabadiliko ya makadirio, jambo linalowashangaza wengi.

Kuna chumba cha tatu: kosa. Ikiwa mwaka 2019 nyaraka za mtengenezaji zilieleza wazi kwamba mashine hudumu miaka 14 kwa matumizi ya aina hii, na hakuna aliyezifungua, hayo si makadirio mapya. Ni kosa la zamani, na likiwa kubwa hurudiwa nyuma na kusahihishwa.

Urahisi wa kuongeza umri wa mali ndio unaonitia wasiwasi, kwani faida ya kiwanda hiki imepanda milioni 6 bila lita moja ya mafuta kuongezeka. Nchini Marekani kampuni ya kuzoa taka ya Weisti Menejimenti iliongeza umri wa malori yake na kuyapa thamani kubwa ya masalia pasipo ushahidi. Februari 1998 ililazimika kukiri kwamba faida yake tangu 1992 ilikuwa imezidishwa kwa takriban dola bilioni 1.7, na mbinu hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotumika.

Kwa hiyo mkaguzi huuliza ushahidi umetoka wapi. Ripoti ya fundi iliyoandikwa kabla hesabu hazijafungwa ina uzito. Uamuzi wa ofisini wa kuongezea mashine zote umri kwa pamoja, mwaka ambao mauzo yameporomoka, unatia shaka. Kodi ya mwaka huo haibadiliki, kwa sababu sheria ya kodi ina viwango vyake vya uchakavu.

Kinachobaki ni maelezo katika hesabu za 2025: kwamba umri wa mashine umepitiwa upya, uchakavu wa mwaka umepungua kwa shilingi milioni 6, na utaendelea hivyo hadi 2028. Kuanzia 2029, mwaka ambao makadirio ya zamani yangeacha mashine bila uchakavu wowote, kiwanda kitakuwa bado kinaandika milioni 6 hadi 2032.